Shajara ya mradi: somo la huduma ya kwanza kuhusu damu na majeraha ya moto kwa wanafunzi wa sekondari, Tanga

Jumamosi, 12 Julai

Mpango wa somo umeanza kuandikwa leo, mimi nikiwa mlezi wa klabu ya huduma ya kwanza, na mwenzangu akiwa muuguzi wa zahanati iliyo karibu na shule. Walengwa ni wanafunzi 32 wenye umri wa miaka 14 hadi 17, nao watafanya mazoezi wawili wawili, kwa hiyo tutakuwa na jozi 16. Mkuu wa shule ametupa vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80, siku ya Alhamisi, na vingine viwili wiki inayofuata ili wenzi wabadilishane nafasi.

Tumejiwekea mpaka wa mada mbili tu: jeraha linalotoa damu nyingi na jeraha la kuungua. Mifupa, nyoka, kuzimia na kupaliwa vitangoja muhula mwingine. Tumezichagua hizi mbili kwa sababu katika zote mbili msaada wenyewe ni rahisi kuueleza lakini ni mgumu kuuvumilia. Damu inadai kugandamizwa kwa dakika 10 bila kuachia, na ngozi iliyoungua inadai maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kijana yeyote anaweza kuyakariri maneno hayo kwenye ubao, lakini asiyewahi kukaa dakika 10 akiwa amegandamiza kitu hajui kwamba kufikia dakika ya tatu mikono huanza kulegea na macho hutamani kuchungulia. Hivyo nimeamua kwamba dakika hizo zitafanywa zote kwa saa halisi, hata kama zitakula zaidi ya theluthi ya somo.

Muuguzi aliuliza kama si kupoteza muda. Nilimjibu kwamba maelezo yote ya kinadharia yatatolewa wakati mikono inafanya kazi, kwa kuwa masikio ya mwanafunzi anayegandamiza sponji yako huru kusikiliza. Alikubali, ila kwa sharti kwamba asiombwe kuhutubia.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya leo imekwenda yote kwenye kifaa cha damu, na nakiandika kwa kirefu kwa sababu mlezi mwingine anaweza kukitengeneza.

Tumechukua kipande cha sponji la godoro chenye unene wa kama sentimita 8, tukakipasua juu kwa kisu mpasuko wa urefu wa kidole, na chini yake tukapitisha mpira wa dripu ambao muuguzi alikuwa nao, ukiwa mpya na haujawahi kutumika. Mdomo wa mpira unaishia ndani ya mpasuko, upande mmoja na si katikati. Upande wa pili umeunganishwa na chupa ya maji ya lita moja iliyotundikwa kwenye msumari wa ubao, kiasi cha mita moja juu ya meza. Maji yametiwa rangi kwa rozela iliyochemshwa na kupozwa, ambayo hufuliwa kirahisi kuliko rangi ya chakula ya dukani. Sponji limelazwa kwenye sinia.

Thamani ya kifaa hiki ni kwamba hakidanganyi. Mwanafunzi akiweka kitambaa na kugandamiza katikati ya mpasuko, maji huendelea kuchuruzika pembeni, kwa sababu chanzo hakipo pale. Akisogeza vidole hadi juu ya mdomo wa mpira na kukandamiza kwa uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka, mchuruziko hukoma. Akiinua kitambaa kutazama, maji hutoka tena papo hapo. Katika mwili wa mtu, tendo hilo la kuchungulia hung'oa damu iliyokuwa imeanza kuganda, na hesabu ya dakika 10 lazima ianze upya.

Jambo la pili linaloonekana wazi kwenye sponji ni tatizo la vitambaa vingi. Vijana wengi wanajua kwamba damu ikilowesha kitambaa cha kwanza hakiondolewi, bali kingine huwekwa juu yake. Hilo ni sahihi, lakini likigeuzwa kuwa desturi ya kurundika kitambaa cha tatu, cha nne na cha tano, mgandamizo husambaa kwenye rundo na jeraha lenyewe halipati nguvu yoyote, huku damu ikiendelea kufichwa. Kanuni tuliyoiandika ni hii: ongeza kitambaa kimoja, kama nacho kinalowa, tatizo si uchache wa vitambaa bali ni mahali au nguvu ya mikono, kwa hiyo tafuta chanzo na gandamiza zaidi.

Chupa inayomwagika inasaidia pia kwa jambo ambalo maneno hayalifikishi. Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5. Tutamwaga nusu lita ya maji mekundu juu ya kanga nyeupe na kuwaomba wanafunzi wakadirie kiasi, kabla hatujawaonyesha chupa. Nusu lita ikitawanyika kwenye nguo inatisha sana, ilhali ni karibu sawa na kiasi anachotoa mchangiaji wa damu. Nataka waone yote mawili: kwamba si kila nguo nyekundu ni kifo, na kwamba damu inayodunda au inayojaza nguo bila kukoma haingojwi.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tumeandika kanuni za usalama, na nimesisitiza kwamba kila kanuni iwe na sababu yake, kwani kijana wa miaka 16 hutii kanuni anayoijua sababu na huikiuka ile aliyosomewa tu.

Kanuni ya kwanza ni ruhusa. Kabla ya kumgusa mwenzake, mhudumu hujitambulisha na kusema anachotaka kufanya: "Naitwa fulani, nimejifunza huduma ya kwanza, naomba niufunge mkono wako." Mwenzake hujibu ndiyo au hapana, na hapana haiombewi maelezo. Sentensi hiyo si adabu ya darasani peke yake, maana ndiyo itakayotumika sokoni au barabarani kwa mtu asiyemfahamu. Wanafunzi watachagua wenzi wao wenyewe, na msichana hatapangiwa mvulana wala mvulana msichana bila wote wawili kutaka. Mazoezi yote yanahusu mkono, kuanzia vidoleni hadi kiwiko. Hakuna jeraha la kuigiza la paja, kifua wala shingo.

Ya pili ni neno la kusimamisha. Tumechagua "acha", na likitamkwa na yeyote, mikono yote miwili huinuliwa mara moja, hata kama msemaji anatania. Atakayetania mara kwa mara ataungana nami kwenye meza ya mbele.

Ya tatu inahusu nguvu. Mgandamizo wa nguvu zote unafanywa juu ya sponji, kamwe si juu ya mkono wa mwenzio, kwa sababu dakika 10 za uzito wa mwili juu ya mkono mzima zinaumiza. Juu ya mwenzio tunafunga bendeji tu. Kamba ya kubana kiungo ili kuzuia damu haitafungwa kwa mtu yeyote darasani. Nitaionyesha kwa maneno, nikieleza kwamba ni hatua ya mwisho kwa damu ya mkono au mguu isiyozuilika kwa mgandamizo, kwamba hufungwa juu ya jeraha na si kwenye kiungo cha goti au kiwiko, kwamba saa ya kuifunga huandikwa, na kwamba akishaifunga mhudumu haifungui. Muuguzi alitaka tuiache kabisa. Mimi naona wataisikia kwa vyovyote kwenye simu zao, na afadhali waisikie pamoja na mipaka yake.

Ya nne ni kwamba hakuna moto, maji ya moto, wembe wala kisu katika chumba. Mpasuko wa sponji tunauandaa sisi mapema.

Ya tano ni kinga dhidi ya damu. Tutagawa glavu, na kwa kuwa wako watu ambao ngozi zao huwasha wakivaa glavu za mpira wa asili, tumenunua zile za nitrili. Hata hivyo glavu hazitakuwepo jikoni nyumbani, kwa hiyo jozi nane zitafanya zoezi kwa mfuko wa mkate uliopinduliwa na kuvaliwa mkononi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini mwezi Juni 2019, vifungashio vya mkate na vyakula vingine ndiyo plastiki safi inayopatikana kwa urahisi. Na palipo na jeraha dogo ambalo majeruhi analifikia, kinga bora kuliko zote ni kumpa kitambaa na kumwambia agandamize mwenyewe.

Zimebaki kanuni mbili fupi: hakuna picha, na anayehisi kizunguzungu kwa kuona maji mekundu hukaa chini sakafuni bila kuomba ruhusa. Matroni atawauliza wanafunzi faraghani, siku moja kabla, kama yupo aliyewahi kuungua vibaya au kumpoteza mtu kwa moto, ili asishtukizwe. Huyo atapewa kazi ya kutunza saa, au atapumzika.

Jumatatu, 21 Julai

Tatizo la leo ni maji. Shule ina tangi moja na bomba la nje lenye mgawo, na somo la kuungua bila maji ni hadithi tu.

Hesabu yake ni hivi. Kikombe cha robo lita kikimwagwa polepole kila sekunde 15, lita moja inakwisha kwa dakika, na dakika 20 zinahitaji lita 20, yaani ndoo moja kubwa iliyojaa. Hilo lenyewe ni jambo la kuwafundisha: nyumba isiyo na bomba inaweza kumhudumia mtoto aliyeungua mkono kwa ndoo moja. Lakini jozi 16 zingehitaji lita 320, na siwezi kuyaomba kwa mkuu wa shule. Tumeamua kila jozi iwe na beseni lenye lita 5 na kikombe, mkono ukiwa juu ya beseni, na maji yanayoanguka yachotwe tena. Jumla ni lita 80, ambazo ni ndoo 4, na baada ya somo yatakwenda kwenye bustani.

Muuguzi alipinga kwa hoja nzito, kwamba watazoea kurudia maji yale yale hata kwenye jeraha la kweli. Tumekubaliana nitamke wazi kwamba kurudia ni kwa mazoezi kwenye ngozi nzima. Kwenye jeraha, maji safi yanayotiririka huja kwanza. Yakiwa haba, mkono huzamishwa kwenye beseni la maji safi ya baridi, au kitambaa safi kilicholoweshwa huwekwa juu na kubadilishwa kila kinapopata joto. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono chooni nacho kinafaa, maana mchirizi wake ni mwembamba na hautumbui malengelenge.

Kisa tutakachofuata ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Binti wa miaka 15 anakoroga uji, sufuria inateleza kwenye jiko la mkaa, na uji unamwagikia mgongo wa mkono wa kushoto hadi juu ya kifundo. Nimechagua uji na si chai kwa sababu uji hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza baada ya kumwagika, kwa hiyo maji ya kwanza yana kazi ya kuuosha pia. Hatua zinafuatana hivi: kumsogeza mbali na jiko, kuanza maji mara moja, kuvua pete, bangili na saa wakati maji yanamwagika, kabla vidole havijavimba, kuvua mkono wa nguo kama haujaganda kwenye ngozi, na kuuacha kama umeganda. Mtu wa pili, ambaye hana kikombe, ndiye anayetafuta usafiri na kupiga simu. Maji yanaendelea hadi dakika 20 zitimie, na kama hakuna aliyeyaanza kwa wakati, bado yana faida hadi saa tatu baada ya kuungua.

Katika zoezi, "jeraha" litachorwa kwa chaki mgongoni mwa mkono. Chaki inayofutika haraka inaonyesha kwamba maji yanapiga mahali panapostahili, na inayobaki upande mmoja inaonyesha mhudumu ameanza kuzungumza na jirani.

Baada ya maji mkono unafunikwa kwa mfuko safi wa mkate, ukivalishwa kama glavu pana na kufungwa kwa ulegevu kwenye kifundo. Plastiki haigandi kwenye ngozi iliyoungua kama pamba inavyoganda, na daktari huona jeraha bila kulifungua. Kwa sehemu nyingine ya mwili plastiki hulazwa juu, haizungushwi, kwa sababu uvimbe huja.

Swali la lini aende hospitali tumelipa kipimo anachokibeba kila mtu: kiganja cha majeruhi mwenyewe, pamoja na vidole, ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Kuungua kunakozidi kiganja hicho kunapelekwa. Mkono, uso, mguu, sehemu za siri na viungo hupelekwa hata kama eneo ni dogo, na vilevile kuungua kwa umeme au kemikali, na mtoto mchanga au mzee. Kwa hiyo binti wa uji anakwenda, hata kama anasema hajambo. Aliyeungua usoni au aliyevuta moshi na sauti ikakwaruza hangoji dakika 20 zitimie nyumbani. Kwa mtoto aliyeungua eneo kubwa, tunapoza jeraha na kumfunika mwili uliobaki kwa kanga kavu, na akianza kutetemeka maji yanasimama.

Alhamisi, 24 Julai

Jioni tumefanya jaribio na jozi mbili za wanachama wa zamani wa klabu.

Kwenye sponji, wote walipata mahali pa chanzo ndani ya dakika moja. Kilichofuata kilikuwa kama tulivyokisia: kufikia dakika ya nne mvulana mmoja aliyekuwa amekaa alikuwa anagandamiza kwa vidole tu, na rozela ikaanza kuvuja. Muuguzi hakumkosoa, alimsimamisha tu, akamwambia anyooshe viwiko na kuegemea. Uvujaji ukakoma. Tumeandika katika mpango kwamba sinia liwekwe kwenye benchi fupi na mhudumu apige magoti au asimame.

Kwenye bendeji tulikutana na jambo la Tanga hasa. Tunawafundisha kukagua mzunguko wa damu kwa kubinya ukucha hadi upauke, kisha kuachia na kutazama kama rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Msichana mmoja alikuwa ametoka arusini na kucha zake zote zilikuwa na hina. "Mwalimu, hapa nitaona nini?" aliuliza mwenzake, na lilikuwa swali la haki. Muuguzi alimwelekeza abinye nyama ya ncha ya kidole upande wa ndani, ambako rangi huonekana kwa watu wa ngozi zote, kisha amuulize kama vidole vinafa ganzi au vina baridi kuliko vya mkono mwingine. Tumelifanya hilo kuwa njia ya kwanza kwa wote, si ya wenye hina tu. Bendeji iliyobana hulegezwa bila kuondoa kitambaa kilicho chini yake.

Kwenye maji, kikombe kilihama mkono kila baada ya dakika chache bila kuagizwa, na hatukukataza, kwa sababu katika familia ndivyo itakavyokuwa.

Walipokuwa wanamwaga tuliwauliza nyumbani hupakwa nini. Orodha ilikuwa ndefu: dawa ya meno, yai, asali, unga wa ngano, mafuta ya kula, majivu, bluu ya kufulia. Nimepanga nisiwacheke bibi zao. Maelezo ni kwamba vitu hivyo huziba joto ndani, huficha ukubwa wa jeraha na hulazimika kusuguliwa hospitalini, jambo lenye maumivu kuliko kuungua kwenyewe. Mwanafunzi mmoja alisema amesikia asali hutumika hospitalini. Ni kweli kwamba asali iliyosafishwa kwa ajili ya tiba hutumiwa kufungia baadhi ya vidonda, lakini hiyo ni hatua ya baadaye chini ya wataalamu, na haipozi chochote katika dakika ya kwanza. Barafu nayo tuliiongeza kwenye orodha ya makatazo, maana hudhuru ngozi ambayo tayari imeumia.

Jumamosi, 26 Julai

Ratiba iliyokubaliwa kwa Alhamisi ijayo ni hii: dakika 8 za kanuni na kuchagua wenzi, 7 za kanga nyeupe na sponji, 10 za kugandamiza, huku nikieleza kitu kilichochomeka mwilini, ambacho hakichomolewi bali hugandamizwa pembeni yake, 10 za bendeji na ukaguzi wa vidole kwa wote wawili, 5 za kupanga mabeseni, 20 za maji, huku tukizungumzia kisa cha uji na vitu vya kupaka, 5 za kufunika mkono, 8 za kisa kipya kisicho na maelezo, ambapo jozi huamua yenyewe, na 7 za usafi. Kwa kuwa sponji ziko 8, jozi mbili zitashirikiana meza moja, mmoja kutoka kila jozi akigandamiza kwa dakika 5 na kumpokeza mwingine bila kitambaa kuinuka. Makabidhiano hayo ni zoezi la ziada ambalo hatukulipanga mwanzoni, na muuguzi analipenda kuliko mengine yote: mikono ya pili huwekwa juu ya ya kwanza, ndipo ya kwanza inapochomolewa.

Namba 112 ya dharura na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji zitaandikwa ubaoni tangu mwanzo na kufutwa kabla ya kisa cha mwisho, ili tuone ni nani amezishika.

Yaliyobaki ni mipira ya dripu miwili, mabeseni sita ya kuazima kutoka bwenini, na mifuko ya mkate, ambayo wanafunzi wameombwa kuileta ikiwa mizima na haijaoshwa kwa sabuni yenye manukato. Vitambaa na bendeji za mazoezi zitatiwa alama ya wino pembeni, zifuliwe na kuwekwa kwenye sanduku lake, mbali na sanduku la huduma ya kwanza la shule, ili siku ya jeraha la kweli asitokee mtu akachukua kitambaa chenye rozela.